Shangazi aliiona saa nne, mimi nikaitafuta saa nne

"Shangazi, haipo."

Nilisema hivyo mbele ya akina mama kumi na wawili, sebuleni kwake Majengo, Moshi, Jumapili ya tarehe 13 Oktoba 2024. Chromebook ilikuwa magotini mwangu. Sufuria ya machalari ilikuwa bado jikoni, maana mchezo wao huanza na hesabu na kuishia na chakula, na siku hiyo hesabu ilikuwa imekwama.

Shangazi hakubishana nami. Alivua miwani, akaifuta kwa pindo la kitenge, kisha akasema: "Baba, mimi niliiona nne. Hapo hapo kwenye mashine. Nne na dakika kumi na mbili."

Sentensi hiyo imenisumbua wiki nne nzima, na ndiyo inayonifanya niandike leo.

## Kilichokuwa kinatafutwa

Mchezo wenyewe mnaujua. Wanachama kumi na wawili, elfu hamsini kila mmoja kila mwezi, na kila mwezi mmoja anapokea laki sita. Shangazi, mwalimu mstaafu, ndiye katibu. Zamu ya Oktoba ilikuwa ya mama mmoja nitakayemwita wa kwanza. Mwenzake, wa pili, alikuwa na mgonjwa nyumbani, akaomba wabadilishane. Wa kwanza akajibu kwenye kundi la Wasapu kwamba sawa, achukue Oktoba, yeye atasubiri zamu ya mwenzake mwezi wa kwanza.

Kundi lile limewekwa ujumbe unaofutika baada ya siku saba, kwa sababu simu za wengi wao zilikuwa zimejaa. Jumamosi ya tarehe 5 shangazi alikuwa amefungua Wasapu kwenye Chromebook yake. Aliuona ule ujumbe, akaupiga skrinshoti. Jumapili ya wiki iliyofuata ujumbe ulikuwa umeshafutika kwenye simu zote, na wa kwanza akasema hakumbuki kuandika kitu kama hicho.

"Nina ushahidi," shangazi akasema. Akanipa mashine.

Mimi natengeneza simu na kompyuta Arusha, kibanda changu kiko Ngarenaro. Siku hiyo nilikuwa nimeshuka Moshi kumsalimia tu. Unapokuwa fundi wa ukoo, salamu hazijawahi kuwa salamu tu.

## Nilivyotafuta

Nilianzia pale pale ambapo fundi yeyote angeanzia. Kwenye Chromebook skrinshoti haiendi kwenye folda ya picha kama ilivyo kwenye simu. Ukibonyeza `Ctrl` pamoja na kile kitufe cha safu ya juu chenye kisanduku na vijistari viwili pembeni, skrini nzima inapigwa na faili linakwenda `Downloads`. Ukiongeza `Shift`, unaletewa kijiupau cha kuchagua kipande, dirisha au skrini nzima, lakini mwisho wa safari ni ule ule. Kwa hiyo unafungua programu ya `Files`, kushoto unabofya `My files`, halafu `Downloads`. Njia ya mkato ni `Shift + Alt + M`.

Nikafika. Zilikuwa zaidi ya mia moja. Shangazi anapiga kila kitu: mapishi, matangazo ya mazishi, bei za mbolea.

Majina yake yote yana umbo moja, yaani neno, tarehe, kisha saa, dakika na sekunde:

```
Screenshot 2024-10-05 4.12.37 AM.png
```

Nilijua siku, nilijua na saa. Saa nne asubuhi ni kumi kwa saa za kizungu, hata mtoto wa darasa la pili anajua, kwa hiyo nikatafuta 10 na kitu, AM, tarehe 5. Haikuwepo. Nikarudi saa tatu, yaani 9, labda mama amekosea. Nikaenda mbele, saa tano. Wapi!

Faili mnaloliona hapo juu nililiona. Macho yangu yalilipita kabisa. 4.12 AM ni saa kumi na dakika kumi na mbili alfajiri, na saa kumi alfajiri akina mama wa mchezo wako kitandani.

Hapo nikafanya kosa ambalo mafundi hulifanya kwa ustadi mkubwa: nikaacha kutazama kilichopo, nikaanza kufikiria kilikokwenda.

## Mahali pengine nilipochungulia

Nikabonyeza `Ctrl + Shift` na kile kitufe, kwenye upau nikabofya alama ya gia, nikaangalia `Save to`. Hapa ndipo wengi hupotelea. Mtu akishachagua folda nyingine, tuseme moja ndani ya `Google Drive`, skrinshoti zote zinazofuata zinakwenda huko, na `Downloads` inabaki na za zamani tu. Kwa shangazi alama ya tiki ilikuwa kwenye `Downloads`.

Nikaangalia `Trash`. Faili likifutwa kwenye `My files` linakaa humo siku thelathini kabla ya kutoweka. Ilikuwa tupu.

Nikamuuliza: "Shangazi, ulikuwa umeingia kwa akaunti yako, au ile ya kaka?" Chromebook ile aliletewa na mwanawe, binamu yangu anayeishi Halifax, Kanada, na kwenye ukurasa wa kuingilia bado picha ya binamu ipo pembeni ya picha yake. Si swali la kipuuzi. Kila akaunti ina hifadhi yake iliyofungwa kwa ufunguo wake, na aliyeingia kwa moja hawezi kuona `Downloads` ya mwingine hata kidogo. Na ukiwa umeingia kama mgeni ndiyo balaa zaidi, kwa sababu ukitoka tu kila ulichohifadhi kwenye mashine kinafutwa.

"Mimi nenosiri la mwanangu nalijuaje?" akanijibu.

Ubao wa kunakili sikuujaribu. Ni kweli skrinshoti ikipigwa inanakiliwa humo pia, na unaweza kuiona ukibonyeza kitufe cha Launcher pamoja na `V`, lakini humo vinakaa vitu vitano tu vya mwisho, na mashine ikizimwa vinaondoka. Zilikuwa zimepita siku nane.

Basi nikatamka.

Haipo.

Wa kwanza akapewa laki sita zake kwa mujibu wa daftari. Wa pili aliomba ruhusa ya kuondoka kabla chakula hakijapakuliwa. Hakuna aliyemwita shangazi mwongo. Katika mji wa Moshi watu hawasemi hivyo kwa mwalimu aliyewafundisha watoto wao. Walisema tu, "Mwalimu, umri nao."

## Kwenye Coaster

Kilomita kama themanini kurudi Arusha. Boma Ng'ombe, KIA, Usa River, na kila kituo sentensi ile inapanda pamoja na abiria.

*Niliiona nne.*

Mwanzoni niliisikia kama sote tunavyoisikia. Mswahili akitazama saa ikaonyesha 10, mdomo unasema nne. Hatuhesabu, hatutafsiri, macho yanaona kumi na ulimi unatoa nne. Ndivyo nilivyodhani shangazi amefanya.

Lakini yeye hakusema "ilikuwa saa nne". Alisema aliiona nne. Hapo kwenye mashine. Na mwalimu wa hesabu wa miaka thelathini na kitu hachezei maneno ya namna hiyo.

Nilifika stendi kuu nikiwa na wasiwasi, nikalala, nikaamkia kibandani, na kazi za watu zikanifunika. Wiki ya kwanza nilijiambia labda aliibonyeza vibaya. Wiki ya pili nikafikiria kumpigia simu, nikaona haya. Unampigiaje mtu uliyemwaibisha, umwambie kwamba una mashaka na aibu yenyewe?

## Saa iliyochelewa

Akanipigia yeye. Ilikuwa Jumatano, tarehe 6 Novemba.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba, baba. Hii mashine imeanza kuzeeka. Tangu Jumapili saa yake imechelewa saa nzima. Sasa hivi ni saa mbili usiku, yenyewe inasema moja."

Nilikuwa nimeshika bisibisi. Nikaiweka chini.

"Inasema moja? Haisemi saba?"

"Kwa nini iseme saba? Siku zote inasema sawasawa. Ikiwa saa mbili inasema mbili. Mimi nilijua kaka yako ameniwekea saa za Kiswahili."

Nilikaa kimya mpaka akadhani simu imekatika.

Hakuna kompyuta yenye mpangilio wa saa za Kiswahili. Lakini kuna Halifax.

## Kilichotokea, polepole

Binamu aliiandaa Chromebook kule kwake kabla ya kuileta. Akamfungulia mama yake akaunti, na kwenye mipangilio ya saa akachagua Halifax kutoka kwenye orodha, badala ya kuiacha mashine itafute yenyewe ilipo. Ukishachaguliwa mji kwa mkono, mashine inashikilia mji huo hata ukiipeleka Uru.

Sasa, majira ya kiangazi Halifax iko nyuma ya saa za dunia kwa saa tatu. Sisi tuko mbele kwa saa tatu. Tofauti ni sita.

Na sita ndiyo tofauti ile ile iliyopo kati ya saa ya Kiswahili na saa ya kizungu.

Kwa hiyo miezi yote ile, Moshi ikiwa saa nne asubuhi, kona ya chini ya mashine ya shangazi ilisomeka 4. Saa moja usiku ilisomeka 1. Ile saa ya konani haiandiki AM wala PM, ni tarakimu tupu, kwa hiyo hakukuwa na kitu cha kumshtua. Saa yake ya ukutani ilimwambia kumi, mashine ikamwambia nne, na ya mashine ndiyo iliyolingana na mdomo wake.

Angeendelea hivyo milele, isipokuwa Halifax hurudisha saa nyuma Jumapili ya kwanza ya Novemba. Mwaka huo iliangukia tarehe 3. Tofauti ikawa saba. Hapo ndipo mashine "ikaanza kuzeeka".

Na jina la skrinshoti huandikwa kwa saa ambayo mashine inaamini ni saa sahihi wakati unabonyeza. Shangazi alipobonyeza saa nne na dakika kumi na mbili asubuhi, jina likatoka 4.12.37 AM. Aliniambia namba halisi iliyomo kwenye jina la faili, na mimi nikaitafsiri kwenda kumi kwa sababu najua mambo.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba dalili zilikuwa zimejaa humo. Skrinshoti za 2 AM, 3 AM, 5 AM, siku baada ya siku. Niliziona zote, nikajiambia wazee hawana usingizi.

## Jumamosi, Majengo

Tarehe 9 nikashuka. Sikutaka kuongea na simu.

Kama ningefungua `Recent`, ile sehemu ya juu kushoto ambayo watu wengi huitegemea, nisingeiona, kwa sababu pale huonekana faili za siku thelathini zilizopita tu, na zilikuwa zimepita thelathini na tano. Hili nawaambia wateja kila wiki: kutokuwepo kwenye `Recent` si kutokuwepo. Nilikwenda moja kwa moja `Downloads`, nikabofya kioo cha kutafutia, nikaandika `2024-10-05`. Zikaja nne tu.

Nikabadilisha mwonekano kutoka orodha kwenda vigae ili picha zionekane zenyewe, nikagusa ya kwanza mara moja, nikabonyeza kitufe cha nafasi. Faili linafunguka kwa ukubwa bila kuingia programu nyingine, na kwa vishale unasogea kwenda lingine. Kichwa cha habari. Bei ya vifaranga. Kishale tena.

Kundi la mchezo. Jina la wa kwanza. *Sawa mpendwa chukua wewe Oktoba mimi ntangoja ya January Mungu amponye.*

Sikumwita shangazi mara moja. Nilikaa nayo kidogo.

Ningefanya hivi tangu siku ile, nisingehitaji saa kabisa. Tarehe pekee ingenipa faili nne, na faili nne zinatazamwa kwa sekunde kumi.

## Shaka nyingine

Nilidhani kazi imekwisha, mpaka nilipoitazama picha vizuri. Pembeni ya ujumbe wenyewe, Wasapu ilikuwa imeandika 4:09 na herufi za alfajiri. Wasapu ya kwenye kompyuta hufuata saa ya kompyuta. Kila kitu ndani ya picha ile kilikuwa cha Halifax.

Wa kwanza angesema nini? Angesema, saa kumi alfajiri nilikuwa nimelala, hii picha mmeitengeneza. Na nisingemlaumu. Mimi mwenyewe niliikataa kwa sababu hiyo hiyo.

Saa iliyoandikwa ndani ya picha haibadiliki hata ukibadilisha saa za mashine. Jina la faili unaweza kulibadilisha, na ndiyo maana jina si ushahidi wa chochote. Kilichobaki ni safu ya `Date modified` kwenye orodha ya `Files`. Ile haikuandikwa kama maneno. Mashine imehifadhi wakati wenyewe, na inauonyesha kwa saa za eneo lililochaguliwa kwa sasa. Ukibadilisha eneo, namba kwenye safu inabadilika, jina linabaki lilivyo.

Tukaijaribu tukiwa wawili kwanza. Kabla: jina 4.12.37 AM, safu 4:12 AM. Nikaingia `Settings`, sehemu ya tarehe na saa, nikachagua mstari wenye Nairobi, kwa kuwa saa zetu na zao ni moja. Nikarudi kwenye orodha. Jina 4.12.37 AM, safu 10:12 AM.

Shangazi aliinama mpaka pua ikakaribia kioo.

"Rudisha."

Nikarudisha Halifax. Ikarudi nne.

"Peleka tena."

Ikaenda kumi. Alifanya hivyo mara tatu, kama anasahihisha mtihani wa mtoto asiyemwamini.

## Jumapili

Tarehe 10 Novemba, mchezo. Safari hii mashine aliishika yeye mwenyewe, mimi nilikaa mlangoni. Aliwaeleza akina mama jambo la Kanada kwa dakika ishirini na chaki hakuwa nayo. Alitumia saa ya ukutani, akaishusha, akazungusha mishale. Mimi ningewachanganya. Kisha akafanya lile la kwenda Nairobi na kurudi Halifax, mbele yao.

Wa kwanza aliisoma picha kwa muda mrefu. Hakusema ameitengeneza nani. Alisema, "Hii ni mimi. Mimi ndiye ninayeandika *ntangoja*."

Laki sita zilishatumika. Wakapanga wa pili apokee Desemba, na wa kwanza aongee na aliyekuwa na Desemba. Mgonjwa wa wa pili alikuwa ameshatoka hospitali, kwa fedha alizokopa kwa mtu mwenye riba, na hilo hakuna skrinshoti inayolirudisha. Aliponipita mlangoni nilimwomba radhi. Akasema, "Si wewe, fundi, ni mashine." Nilitamani iwe hivyo.

Kabla ya kupanda gari nilimwekea shangazi folda ndani ya `Google Drive`, nikaiita Mchezo, na kwenye `Save to` nikaichagua hiyo. Mashine ikifa au ikisafishwa kabisa, vilivyomo `Downloads` vinakwenda nayo, vya `Drive` vinabaki kwenye akaunti. Nikamwambia asishangae `Downloads` ikiacha kuongezeka.

Saa je? Nilitaka kuiacha Nairobi. Akakubali shingo upande, akalalamika kwamba sasa mashine imekuwa ya kizungu kama zingine. Asubuhi iliyofuata alinitumia picha ya kifuniko cha Chromebook. Amebandika kipande cha karatasi ya daftari kwa selotepu, na kwa mwandiko wa ubaoni ameandika: *TOA SITA*.